Miaka Mitano ya Gari Nyeupe

Nilikaa kwa mama mkwe wangu miaka minane na zaidi. Mtu asiniambie habari ya subira. Yangu niliimaliza mapema, nikaanza kukopa ya jirani.

Nyumba yake iko Bukavu, mtaa wa Kadutu, juu kabisa, pale ambapo gari haifiki. Ukishuka sokoni ukapanda tena na unga kichwani, roho inabaki chini inakungoja. Vyumba ni viwili na sebule. Katika chumba kimoja tulilala wanne: mimi Lydie, bwana yangu Élie, na watoto wawili ambao hata usingizini wanacheza mpira. Chumba kingine ni cha Maman Rosette mwenyewe, na kati yetu na yeye kuna ubao tu. Ukikohoa usiku, asubuhi anakuletea tangawizi ya moto. Ukikaa kimya mno, asubuhi anamwuliza Élie mbele yangu kama tuko sawa huko ndani.

Nyumba yetu wenyewe ilikuwa Panzi. Kuta zilikuwa zimesimama, milango imewekwa, na juu yake hakuna kitu, mbingu tupu. Kilichobaki ni paa: mabati, mbao, misumari na mkono wa seremala, vyote dola elfu moja na mia tano. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kuiangalia nyumba hiyo na kumwuliza Mungu kama ameona mvua inavyonyesha ndani yake. Nilitaka kuhama. Sikutaka kitu kingine duniani.

Lakini gari ilitangulia, na hapo sikuwa na ubishi. Élie ni daktari wa wanyama. Mara mbili kwa juma yuko Nyangezi, mara mbili yuko Kavumu, kuchoma ng'ombe sindano na kuwazalisha nguruwe wa watu. Alikuwa anakwenda kwa moto, yaani pikipiki, na sanduku la chanjo limefungwa mgongoni. Siku moja moto ikaanguka kwenye matope, chanjo zikamwagika zote, na yeye akarudi nyumbani amegeuka udongo. Bila gari hakuna kazi, bila kazi hakuna mabati. Tulikuwa tumeweka akiba ya dola elfu tisa, na tukapata gari mbili za kuchagua.

Zilikuwa mapacha. RAV4 zote mbili, mwaka mmoja, motere moja ya essence, yaani petroli, zimeshalipiwa ushuru wa douane na zina plaki za namba za hapa. Moja ilikuwa nyeupe, ya automatique, na mwenyewe, mtu anayeitwa Akonkwa, alitaka elfu tisa kamili. Nyingine ilikuwa na vitesi vya mkono, gia za kubadilisha mwenyewe, ya Papa Anaclet, agronome, bwana shamba mmoja mpole, naye alitaka elfu nane na mia tano. Hii ya pili ilikuwa na rangi ambayo sijui kiwanda kiliita nini. Sisi tuliiita ya maharagi, tena maharagi yaliyolala.

“Lydie, ya maharagi iko cinq cents chini,” Élie akasema. “Na mu matope ile vitesi ya mukono inatoka muzuri. Tunatafuta nini ingine?”

Sasa hapo alinigusa pabaya. Mimi ni comptable, mtu wa hesabu, na katika shirika ninalofanyia kazi niko upande wa magari. Kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia watu wenye digrii kwamba bei ya gari si ile unayomlipa mwenye kuuza. Ile ni kiingilio tu. Bei ya kweli ni kila kitu gari itakachokula mpaka siku utakapoachana nayo, ukitoa kile utakachopata siku ya kuiuza. Nimeyasema hayo mpaka kazini wamenipa jina, na jina lenyewe si zuri. Halafu bwana yangu mwenyewe, ninayelala naye kitanda kimoja, anakuja kuniambia mia tano chini!

“Nipe juma moja,” nikamwambia. “Na usimpe mtu hata franga.”

Nikaanza na essence, kwa sababu ndiyo inayokula kuliko vyote. Sikumwuliza Akonkwa gari yake inakunywa ngapi, kwa sababu mwenye kuuza gari na mwenye kuuza mbuzi ni ukoo mmoja. Nikamwambia: tujaze tanki mpaka mdomoni, twende Nyangezi na kurudi, kisha tujaze tena palepale. Essence naweka mimi. Akonkwa akatoa jasho njia nzima, kila shimo analipigia ishara ya msalaba. Tulikwenda kilomita sitini, na ya kujazia ikawa lita sita na nusu na kidogo. Kesho yake ya maharagi, njia ileile, Élie yuleyule kwenye usukani, ikaingia lita sita tu.

Kisha nikazipeleka zote mbili kwa fundi Bienfait. Nyeupe ilikuwa na matairi mapya. Ya maharagi matairi yalikuwa na upara, yote manne ya kubadilisha palepale, dola mia nne. Na diski ya embrayage, ile klachi, Bienfait akasema, haitamaliza miaka mitano kwa milima hii, weka mia tatu na hamsini. Matengenezo mengine, mafuta ya motere, plaketi za breki, amortisa za kuzuia mtikiso ambazo barabara zetu zinakula kama karanga, hayo yalikuwa sawa kwa zote: mia sita kila mwaka. Makaratasi ya bima na kodi, assurance, vignette na kontroli, mia nne kila mwaka, pia sawa.

Ikabaki siku ya kuuza, na hiyo watu wengi wanaisahau. Nilikwenda parkingi ya wauzaji, nikaangalia RAV4 zilizo na miaka mitano zaidi ya hizi zetu, maana hizo ndizo hizi zetu baada ya miaka mitano. Nyeupe ya automatique, elfu sita, na wanunuzi wanasukumana. Ya vitesi vya mkono yenye rangi ya huzuni, elfu nne, na muuzaji anakushukuru ukiiondoa.

Basi nikakaa chini. Kazi ya Élie ni kilomita elfu kumi na mbili kwa mwaka, elfu sitini kwa miaka mitano, na essence nikaiweka dola moja na senti arobaini kwa lita. Nyeupe: inapoteza elfu tatu katika bei, inakunywa elfu tisa mia mbili na arobaini, matengenezo elfu tatu, makaratasi elfu mbili. Elfu kumi na saba mia mbili na arobaini. Ya maharagi: inapoteza elfu nne na mia tano, inakunywa elfu nane mia nne, matengenezo pamoja na matairi na embrayage elfu tatu mia saba na hamsini, makaratasi elfu mbili. Elfu kumi na nane mia sita na hamsini.

Gari ya bei kubwa ndiyo ya bei ndogo! Kwa elfu moja mia nne na kumi! Nilimgeuzia Élie karatasi ile kwa raha ambayo sikuwahi kuipata hata siku ya ndoa yangu.

“Ukichukua nyeupe,” nikamwambia, “na ukiweka pembeni akiba ya kununua ingine baada ya miaka hiyo mitano, kila mwezi tunabakiwa na mia moja na ishirini na tano za nyumba. Paa la Panzi ni mwaka mmoja. Ukichukua maharagi yako, ni mwaka na miezi mitatu.”

Akasoma juu mpaka chini. Élie si mbishi wa bure.

“Bon,” akasema. “Umenishinda. Nyeupe.”

Nilitembea juma zima kichwa juu. Hata ngazi za Kadutu nilizipanda naimba.

Jumapili, mezani, ndipo Maman Rosette alipouliza. Lazima niseme yeye ni nani, maana mpaka sasa nimemtaja kama mzigo tu. Aliuza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la Kadutu kwa miaka mingi, akasomesha watoto sita baada ya bwana yake kufa, na wote wametawanyika isipokuwa Élie. Sauti yake ilizoea kuita wateja, na haijawahi kupewa ruhusa ya kupumzika.

“Basi hiyo motokari,” akasema, huku anagawa fufu, “iko na rangi gani?”

“Nyeupe, Maman,” nikajibu, kwa majivuno kabisa.

Akaweka mwiko chini. Akasimama. Akapiga vigelegele, na wallahi hata kuku wa jirani walinyamaza kusikiliza.

“Asanti Yezu! Leo famille yetu iko na voiture ya mariage!”

Kijiko changu kikabaki hewani.

Msomaji wa mji mwingine labda haelewi, basi nieleze. Bukavu, bibi harusi anapanda gari nyeupe. Haijaandikwa katika sheria, lakini jaribu kumpakia kwenye nyingine uone mama zake watakachokufanya. Gari inapambwa riboni na maua, inakwenda kumchukua nyumbani, inampeleka komini kuandikisha ndoa, inampeleka kanisani, inampeleka ziwani kwa picha, inampeleka ukumbi wa sherehe, na usiku inawarudisha mashangazi mmoja mmoja, kila mmoja na mtaa wake na sahani zake za chakula chini ya kikwembe. Yote hayo kwa mwendo wa kobe na honi mkononi. Na kama katika famille kuna mtu mwenye gari nyeupe, basi gari hiyo si yake. Ni ya Jumamosi.

Mchana huohuo Tonton Venant akapanda mlima. Hakuna aliyemwita, vigelegele vilitosha. Tonton Venant ni mdogo wa marehemu baba mkwe, mkubwa wa famille, na mwenyekiti wa kila kamati ya ndoa tangu siku nisiyoijua. Alikaa, akanywa maji, akafuta jasho.

“Batoto bangu, mumetuondolea haya,” akasema. “Mwezi ya Août iko na mariage ya binti yangu Françoise. Septembre, mutoto wa Jean-Baptiste. Halafu kuko batoto ba chorale ya kanisa, nilishabaambia beko na bahati.”

“Tonton,” nikauliza polepole, “na essence?”

“Essence gani?”

“Ya hiyo gari. Siku ya ndoa. Nani anaweka?”

Alimwangalia Élie kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ameoa vibaya.

“Lydie, mwanangu. Mariage ya dada yako, unauliza essence?”

Jumatatu ofisini sikufanya kazi ya shirika, Mungu na wafadhili wanisamehe. Nilifungua hesabu yangu ileile, nikaongeza mstari mmoja. Niliuandika: famille. Kisha nikahesabu Jumamosi za mwaka ambazo kuna ndoa, upande wake, upande wangu, parokia, chorale na majirani ambao huwezi kuwakatalia. Nikaweka ishirini, na hapo nimekuwa mwenye huruma. Kila ndoa kilomita sitini, na kwa mwendo ule wa kobe RAV4 nyeupe itakunywa lita kumi na tano kwa kilomita mia. Miaka mitano, ndoa mia moja, lita mia tisa: dola elfu moja mia mbili na sitini. Mikwaruzo, taa zinazovunjwa na watoto wanaorukia pipi, viti vinavyomwagiwa fanta: mia saba na hamsini. Siku ya kuuza, gari iliyobeba mabibi harusi mia moja haifiki tena elfu sita. Toa elfu moja. Na Jumamosi yenyewe! Jumamosi ndiyo siku wafugaji wako nyumbani, ndiyo siku Élie anaingiza si chini ya dola thelathini. Ishirini kwa mwaka, miaka mitano, elfu tatu.

Jumla elfu sita na kumi. Gari yangu ya bei ndogo ilikuwa imefika elfu ishirini na tatu mia mbili na hamsini. Ya maharagi ilibaki palepale, elfu kumi na nane mia sita na hamsini, kwa sababu hakuna mama katika mji mzima wa Bukavu atakayemkubalia binti yake apande gari ya rangi ile. Ule ubaya wake ulikuwa ukuta, na ukuta huo ulikuwa na thamani ya dola elfu nne na mia sita.

Nikagawanya kwa miezi. Na nyeupe, ya kuweka kwenye nyumba itabaki dola ishirini na tano kwa mwezi. Paa la Panzi ni miaka mitano. Miaka mitano mingine nyuma ya ule ubao! Nilitoka nje ya ofisi, nikakaa kwenye kivuli cha ukuta, nikalia kwa hasira. Nikajipangusa, nikarudi ndani.

Kibaya kuliko hesabu kilikuwa kumwambia Élie. Ningependa zaidi kumeza misumari ya lile paa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini barabarani na watu wakatuangalia.

“Kumbe maharagi yangu iko na akili!”

“Cheka. Ukimaliza, uende umwambie mama yako.”

“Mimi? Hesabu iko ya nani?”

“Mama ni wa nani?”

Tulibishana hivyo mpaka simu ikalia. Papa Anaclet. Kwa upole wake wote alisema kuna mtu wa Uvira anafika kesho asubuhi na pesa mkononi kwa ile ya maharagi, na kama tunaitaka tumwambie leo, maana yeye si mtu wa kuuza mara mbili. Basi tukapanda mlima wote wawili, na Élie akanitanguliza mlangoni kama ngao.

Tonton Venant alikuwa ndani na Maman, wanapanga rangi ya riboni. Nikaweka karatasi mezani, nikaanza kabla ujasiri haujaniacha.

“Maman, Tonton, niwaheshimu kwa kuwaambia kweli. Gari nyeupe ikifanya ndoa, kila ndoa inatugharimu dola sitini. Nimehesabu. Kama famille inaitaka nyeupe, tutaichukua kwa furaha, lakini kila kamati ya ndoa itupe hizo sitini.”

Tonton akasimama, na fimbo yake ikasimama naye.

“Utalipisha damu yako?”

“Tonton, mwaka jana kwenye ndoa ya kijana wetu Steve, kamati ilikodi gari kwa mtu asiyejulikana. Mlilipa mia moja na ishirini.”

“Ule alikuwa mutu wa inje!”

“Kwa hiyo mtu wa nje apate mia moja na ishirini, sisi sitini hapana?”

“Lydie, mutu wa inje iko na haki ya kulipwa! Wewe uko na haki ya kusaidia!” Akamgeukia Maman. “Rosette, umesikia? Umesikia ile bintu nasikia mu nyumba ya kaka yangu?”

Maman alikuwa ameshika karatasi yangu, ameisogeza kwenye mwanga wa mlango, na kidole chake kinashuka mstari kwa mstari. Mtu aliyeuza vikwembe miaka ile yote hafundishwi kusoma jumla.

“Hapa chini,” akasema, “hii miezi iko ya nini?”

Élie akaangalia dari, ikabidi niseme mimi.

“Ni ya nyumba ya Panzi, Maman. Ya paa.”

“Na ile ya maharagi, munatoka hapa kwangu siku gani?”

“Baada ya mwaka na miezi mitatu.”

“Na nyeupe? Na mariage zote, bila kulipisha mutu?”

“Miaka mitano.”

Akakunja karatasi katikati. Akaikunja tena. Akanirudishia.

“Basi mukamate nyeupe,” akasema.

Tonton akafurahi, akadhani ameshinda kwa ajili ya Françoise. Mimi nilimwangalia Maman na nikaelewa kwamba hakuna ndoa yoyote katika lile neno, wala riboni, ni ile miaka mitano tu. Watoto wangu walikuwa wanapigana nje mlangoni na yeye alikuwa amewageuzia uso. Nilijisikia vibaya, vibaya sana, na pia nilikasirika, kwa sababu miaka saba nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, si kwa hili.

Laiti ningekuwa mtu mwema, ningesema ndiyo. Nilitoka uani, nikampigia Papa Anaclet. “Tunaichukua,” nikasema. “Tutakuja na pesa kesho saa mbili.” Nikarudi ndani nikawaambia. Tonton Venant akachukua kofia yake na akaondoka bila kuaga, na kwa miezi kadhaa kila akiniona kanisani alisoma tangazo la ukutani. Maman aliingia chumbani kwake.

Hakunitukana, na hilo lilinitisha. Aliendelea kupika, kuwaogesha watoto, kuwapigia kelele wauza makaa. Lakini na mimi alisema ya lazima tu: chumvi imeisha, mlango, mvua. Wakati wa kiangazi nikakohoa usiku kwa vumbi, nikangoja asubuhi. Tangawizi haikuja. Kesho yake nikakohoa makusudi, mwanamke mzima na kazi yangu ya ofisi, nimelala gizani nakohoa kwa nguvu nyuma ya ubao. Haikuja.

Gari ya maharagi ilifanya kile ambacho karatasi ilisema. Ilikwenda Nyangezi, ilikwenda Kavumu, ilitoka kwenye matope kila mara, na embrayage ikafa kwa adabu mwaka wa kwanza wenyewe. Bienfait alichukua mia tatu na arobaini. Françoise aliolewa katika gari nyeupe ya mtu wa nje, kwa mia moja na thelathini, na ya kwetu iliombwa kitu kimoja tu: kupeleka sufuria za mchele kwa mlango wa nyuma. Nilipita na sufuria zangu, nikatabasamu na kila mtu, na kila mwisho wa mwezi nilipeleka dola mia moja Panzi.

Paa lilipigwa msumari wa mwisho mwezi uleule niliokuwa nimesema. Sikupiga vigelegele. Nilikaa ndani ya nyumba yangu wakati mvua inanyesha juu yake, nikasikiliza, na nilipaswa kufurahi kuliko nilivyofurahi.

Siku ya kuhama tuliegesha gari chini, barabarani, na vijana wa kubeba mizigo wakaanza kushusha vitu vyetu. Nilibaki juu nafagia chumba kilichokuwa chetu, maana hata ukimwachia mtu nyumba yake kwa ugomvi unamwachia safi. Maman hakuwepo. Nikasema moyoni: hataki hata kutuaga, ana haki. Nikachukua sufuria zilizobaki, nikashuka.

Juu ya gari kulikuwa na matela ya kulalia ambayo sikuijua. Tuseme niliijua, lakini si yetu. Élie alikuwa anaifunga kamba, na alikuwa anaangalia fundo lake kwa bidii kubwa mno. Maman Rosette alisimama kando, amevaa kikwembe cha Pasaka, na mkoba mkononi.

“Maman,” nikasema. “Hiyo matela?”

“Iko yangu.”

“Inakwenda wapi?”

“Kwenye munaenda.” Akarekebisha kilemba. “Nyumba nimeipangisha. Mupangaji anaingia siku ya lundi, pesa ya garantie ya miezi sita nimeshaipokea, usiniulize kuirudisha.”

Nikamwangalia Élie. Élie akaangalia fundo.

“Mulihesabia essence,” Maman akasema, sauti yake ya soko imerudi, na vijana wa mizigo wakasimama kusikiliza. “Mukahesabia tairi. Mukahesabia kontroli, mukahesabia mpaka fanta ya batoto. Mimi mulinihesabia wapi?”

Nilitafuta uongo na haukupatikana.

“Hatukukuhesabia, Maman.”

“Njo maana nimekuya mwenyewe.”

Nilikasirika, tuwe wakweli. Miaka saba, kisha mwaka na miezi mitatu, mahesabu yote yale, kumkimbia mwanamke mmoja, na huyu hapa amefungwa juu ya gari. Halafu kifua changu kikafanya kitu kingine, machozi yakanitoka mbele ya vijana wa mizigo, na nikaona nimefurahi, nimefurahi kweli, mimi, shetani awe shahidi.

“Chumba cha nyuma kina dirisha mbili,” nikasema.

“Nitaona kama kinafaa.”

Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, akaweka mkoba magotini. Akapapasa dashibodi, akaangalia kidole chake kilivyotoka na vumbi, akakipangusa kwenye kiti.

“Lakini mulifanya muzuri kukamata hii,” akasema. “Ile nyeupe, na matope ya Panzi, ingekuwa uchafu kila siku.”

Élie akawasha motere. Mimi nikapanda nyuma, katikati ya watoto, na sufuria zote magotini.